Babu Yangu Alikuwa Mlinzi: Hotuba Kuhusu Ni, Alikuwa, Amekuwa na Atakuwa

Walimu wenzangu, wazee wetu wa Mji wa Kale, na nyinyi vijana mnaoongoza wageni katika vichochoro vyetu, assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Mlinialika nizungumze juu ya Kiswahili sanifu, nami niliwaomba waandalizi wanikubalie nilipunguze somo hilo hadi libaki neno moja, yaani “ni”, pamoja na mahali pale ambapo neno hilo halitoshi tena, ikatubidi tuseme “nilikuwa”, “amekuwa” au “atakuwa”. Waliniuliza kama neno moja litajaza saa nzima. Niliwajibu kwamba nimelisahihisha kwa miaka mingi katika madaftari ya watu wazima wanaojifunza Kiswahili hapa Mombasa, na kwamba hakuna kosa lingine ninaloliona likimpotosha msikilizaji kimyakimya kama hili.

Nitawapa kisa chenyewe. Miezi michache iliyopita nilifuatana na wageni kutoka Dodoma waliokuja kuizuru Ngome ya Yesu. Aliyewaongoza ni kijana anayejifunza kazi, mtu wa bara ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, na ambaye babu yake mzaa baba aliwahi kufanya kazi hapa pwani. Tulipofika katika ua wa ngome alisimama, akaonyesha kwa mkono, akasema kwa fahari, “Babu yangu ni mlinzi hapa.” Mama mmoja wa makamo katika kundi lile alifurahi sana, akamwambia, “Basi mwanangu, tupeleke tukamsalimie.” Kijana akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba babu alifariki yeye akiwa darasa la sita. Yule mama alimwomba radhi, ingawa hakuwa amekosa lolote, kwa sababu alichofanya ni kuielewa sentensi kama ilivyosemwa. Sentensi ilimwambia kwamba babu yupo na kazi anaifanya.

Jioni ile kijana alinipa karatasi aliyokuwa ameandika maelezo yake ya kuwaongoza wageni, akaniomba nimsahihishie. Ameniruhusu niisome mbele yenu, mradi nisimtaje jina. Karatasi ilisema hivi:

“Ngome ya Yesu ni jengo la kale. Ni Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ni gereza. Vyumba hivi ni vya wafungwa. Babu yangu ni mlinzi hapa. Aliniambia kuwa wafungwa ni wengi. Leo ngome ni makumbusho. Mwaka 2011 ngome ni Urithi wa Dunia. Mwaka ujao mimi ni mwongozaji kamili.”

Historia yake ni sahihi. Miaka aliyoitaja ndiyo. Ametumia “ni” katika kila sentensi, na katika sentensi tatu ameitumia vizuri kabisa, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu lina uzito sawa na makosa yenyewe.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua kusema “nilikwenda” na “nitakwenda” bila kusita, huandika “babu yangu ni mlinzi” akimaanisha mtu aliyeacha kazi zamani. Sababu ni kwamba “ni” haifanani na kitenzi. Vitabu vya shule huiita kitenzi kishirikishi kipungufu, na jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa kuwa upungufu wake ni huu: haina nafasi ya kuweka nafsi, haina nafasi ya kuweka ngeli, wala haina nafasi ya kuweka wakati. Mimi ni, wewe ni, yeye ni, mti ni, vyombo ni; neno halitikisiki. Anayejifunza hulipokea siku ya kwanza kabisa, anapofundishwa kusema “mimi ni mwanafunzi”, hulipenda kwa urahisi wake, kisha husonga mbele kwenye vitenzi vingine, na mara nyingi hakuna anayemrudisha nyuma kumwambia kwamba neno lile lina mwenzake anayelishikia zamu mara tu wakati unapobadilika. Mwenzake huyo ni “kuwa”, ambacho vitabu vilevile hukiita kishirikishi kikamilifu, kwa sababu chenyewe hubeba nafsi, ngeli na wakati kama kitenzi kingine chochote.

Mwanafunzi asipokijua kitenzi hicho, hufanya moja kati ya mambo mawili. Huenda akaiacha “ni” ilivyo na kutumaini kwamba maneno kama “zamani”, “mwaka jana” au “kuanzia 1895” yatafanya kazi ya wakati kwa niaba yake, kama alivyofanya kijana wetu katika sentensi ya tatu. Au huenda akajaribu kuivisha “ni” alama ya wakati, akaandika “nili mwanafunzi” au “nili ni mwanafunzi”. Jaribio hili la pili linanigusa kila ninapoliona, kwa kuwa linapita karibu na historia ya lugha yenyewe. Wataalamu wa lugha za Kibantu hueleza kwamba ile “-li-” ya wakati uliopita ilitokana na kitenzi kikongwe “-li” chenye maana ileile ya kuwa, na mabaki yake bado tunayatumia tunaposema “aliye” na “nilipo”. Washairi wetu wa zamani waliandika “nali” kwa maana ya “nilikuwa”, na wazee wa Mvita wangali wanasema “nalikuwa”. Hata baada ya mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika katika mji huuhuu na kuamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, umbo hilo la Kimvita halikufa midomoni mwa watu. Lakini katika Kiswahili sanifu tunachokiandika leo, “nili” peke yake haitoshi. Inahitaji “kuwa” iifuate.

Sasa turudi kwenye karatasi. “Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ni gereza.” Hapa marekebisho ni “ilikuwa”: kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa gereza. Lakini kijana aliposahihisha mbele yangu hakuandika “ilikuwa”. Aliandika “ngome lilikuwa gereza”, akiwa ameangalia neno la mbele, gereza, badala ya neno la nyuma, ngome. Msimcheke. Mtu aliyezoea “ni” hajawahi kuulizwa swali hili, kwa sababu “ni” haihitaji kujua inazungumza juu ya nini. “Kuwa” inahitaji. Hufuata kiima, yaani kile kinachozungumziwa, wala haifuati kile ambacho kiima kinasemwa kuwa. Ngome ilikuwa gereza, gereza lilikuwa baya, vyumba vilikuwa vya wafungwa, ukuta ulikuwa mnene, kuta zilikuwa nene, mahali hapa palikuwa pa hatari. Daraja la kwanza la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikuwa la kuelea. Wazee mlio hapa mnalikumbuka, kwani lilitumika hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Ukitaka kupata kiambishi sahihi, jiulize ni nini hasa unachokizungumzia, kisha weka “-likuwa” baada ya kiambishi chake.

Kuhusu umbo lenyewe nitasema machache tu. Kitenzi hiki kina silabi moja, “-wa”, na mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi “-li-”, “-ta-” na “-me-” haviwezi kubeba mkazo huo, kwa hiyo “ku-” hubaki ili kuubeba: nilikuwa, nitakuwa, nimekuwa. Palipo na kiambishi kinachoweza kuubeba, “ku-” huondoka, ndiyo maana tunasema akiwa, akawa, awe, huwa. Katika ukanushi, “si” hugeuka kuwa “hakuwa” kwa wakati uliopita na “hatakuwa” kwa wakati ujao. Na kwa hali timilifu vitabu hutoa “hajawa”, ingawa “hajakuwa” nalo husikika sana mitaani. Ile “ku” ya “hakuwa” ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, ndiyo sababu hatuongezi nyingine tukasema “hakukuwa mlinzi”. Ukisikia “hakukuwa na maji”, hiyo “ku” ya ziada ni kiambishi cha mahali, kinyume cha “kulikuwa na maji”, na ni sahihi.

Sentensi ya babu sasa inajisahihisha yenyewe: babu yangu alikuwa mlinzi hapa. Lakini nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu baadhi yenu mtaniuliza kama kila tunachokisema juu ya marehemu ni lazima kiwe na “alikuwa”. Hapana. Mtu akikuuliza juu ya picha iliyotundikwa ukutani, “Huyu ni nani?”, utajibu “Ni babu yangu”, hata kama babu amezikwa miaka ishirini iliyopita, kwa sababu ujamaa haukomi kwa kifo na picha iko mbele yenu. Kazi hukoma. Cheo hukoma, na makazi pia. Kwa hiyo tunasema “Huyu ni babu yangu, alikuwa mlinzi wa gereza, na nyumbani kwake kulikuwa Majengo.” Sentensi moja imebeba “ni” na “alikuwa” bila kugongana, na msikilizaji anajua kipi kingalipo na kipi kimepita. Yule mama wa Dodoma angeambiwa hivyo, asingeomba kwenda kusalimia.

Sentensi iliyofuata ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi, mimi na kijana, tukiwa tumekaa barazani. “Aliniambia kuwa wafungwa ni wengi.” Alitarajia niikate palepale, kwa kuwa “aliniambia” ni wakati uliopita. Sikuikata. Nilimuuliza, “Babu alikuambia lini?” Katika Kiswahili, maneno yanayoripotiwa hubaki katika wakati ule ambao msemaji alikuwa nao alipokuwa akiyasema, hayasukumwi nyuma kwa sababu tu kitenzi kinachoyatangulia kiko katika wakati uliopita. Ukiniambia leo “Mimi ni mgonjwa”, kesho nitawaambia wenzangu, “Aliniambia kuwa yeye ni mgonjwa.” Nikisema “Aliniambia kuwa alikuwa mgonjwa”, wataelewa kwamba uliponiambia ulikwisha kupona. Hili ni jambo ambalo hata watu waliobobea hulikosea wanapofasiri, wakajaza “alikuwa” mahali ambapo Mswahili asingeiweka. Kwa hiyo yote hutegemea babu aliyasema maneno yale lini. Kama angeyasema mwaka 1957 akiwa kazini, “wafungwa ni wengi” ingekuwa sawasawa. Lakini kijana hakuwa amezaliwa. Babu alimsimulia akiwa mzee, miaka mingi baada ya gereza kufungwa, na yeye mwenyewe bila shaka alisema “wafungwa walikuwa wengi”. Basi mjukuu naye aseme: aliniambia kuwa wafungwa walikuwa wengi. Tumeibadilisha “ni” ile, lakini kwa sababu ya siku ambayo babu alizungumza, wala si kwa sababu ya “aliniambia”.

Kijana alielewa, akaondoka na karatasi yake, na siku mbili baadaye akanirudishia nakala safi. Hapo nikaona jambo ambalo kila mwalimu aliye hapa amewahi kuliona. Alikuwa ameziondoa “ni” zote. Sentensi ya pili sasa ilisema, “Walikuwa Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596.” Hii ni hasara mpya, na mwenye lawama ni mimi, kwa kuwa nilimwonyesha makosa bila kumwonyesha mipaka yake.

“Ni Wareno walioijenga” ilikuwa sentensi nzuri tangu mwanzo. “Ni” ya hapo haisemi kwamba mtu fulani ni kitu fulani. Kazi yake ni kuteua, kusema ni hawa wala si wengine, na wakati wa tendo umekwisha kubebwa na “walioijenga”. Ndivyo tunavyosema “Ni nani aliyebisha hodi?”, “Aliyekuja ni Juma”, “Si mimi niliyevunja kikombe”, na “Ni jana alipoondoka”. Hakuna Mswahili atakayeuliza “Alikuwa nani aliyebisha hodi?” Hata mimi mwanzoni mwa hotuba hii nilisema “aliyewaongoza ni kijana anayejifunza kazi”, wala hakuna aliyenishangaa. Kwa hiyo ukiiona “ni” katika habari ya zamani, kabla ya kuifuta tazama kama kuna kitenzi kirejeshi kando yake, chenye “-ye-”, “-o-”, “-cho-” au ndugu zake, ambacho tayari kimebeba wakati. Kikiwapo, iache.

Kuna mahali pengine pawili ambapo “ni” inapaswa kuachwa, nami nitapapitia upesi. Msimuliaji mzuri huweza kuwahamisha wasikilizaji wake hadi siku ya tukio akasema, “Siku hiyo ni Ijumaa, jua ni kali, watu ni wengi uwanjani”, na kila mtu akajua kwamba anasimulia. Lakini hilo hufanywa kwa kusudi, baada ya wakati kukwisha kuwekwa wazi. Na katika kalenda, “ni” huweza kunyoosha mkono mbele: “Kesho ni Jumamosi”, “Mkutano ni Jumanne ijayo”, “Harusi ni mwezi wa Desemba”. Siku hizo zimekwisha kupangwa, nasi huzitaja kama jambo lililopo. Ajabu ni kwamba mkono huo haunyooki nyuma. Hatusemi “Jana ni Alhamisi”. Tunasema “Jana ilikuwa Alhamisi” na “Mkutano ulikuwa Jumanne iliyopita”.

Sasa tuifikie sentensi ya nane, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inaweza kusahihishwa ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Kijana alikuwa ameandika, “Mwaka 2011 ngome ni Urithi wa Dunia.” Katika nakala safi akaandika, “Mwaka 2011 ngome ilikuwa Urithi wa Dunia.” Kwa sheria aliyoifahamu alikuwa amefanya sawa: mwaka umepita, basi weka “-likuwa”. Lakini sikilizeni anachosikia mgeni. Ukisema “ngome ilikuwa gereza”, mgeni anaelewa kwamba si gereza tena. Ukisema “ngome ilikuwa Urithi wa Dunia”, anaelewa vilevile kwamba heshima hiyo imeondolewa, na huenda akakuuliza imeondolewa kwa kosa gani. “Ilikuwa” huwa na tabia ya kufunga mlango nyuma yake. Hapa mlango uko wazi, kwani hali ilianza mwaka 2011 na ingalipo.

Kazi hiyo ni ya “imekuwa”. Tangu mwaka 2011 ngome imekuwa Urithi wa Dunia. Hali timilifu ya “kuwa” ina sura mbili, na anayejifunza hukwama kwa sababu umbo ni lilelile. Sura ya kwanza ni ya mgeuko ulioacha matokeo: “Binti yake amekuwa daktari” ni kusema kwamba zamani hakuwa, na sasa ndiye. Sura ya pili ni ya hali iliyoanza zamani na inayoendelea: “Binti yake amekuwa daktari hapa kwa miaka kumi.” Kinachozitenganisha ni maneno ya muda, “tangu” au “kwa miaka kadhaa”, yakiondoka, msikilizaji huchukua sura ya kwanza. Ndiyo maana “Baba amekuwa mkali”, bila neno lolote la muda, huwafanya watoto waulizane kumetokea nini, kwa kuwa maana yake ni kwamba zamani baba alikuwa mpole.

Wengine mtasema kwamba mmesikia “Ngome ni Urithi wa Dunia tangu 2011”, na kweli husemwa, kama tunavyosema “Yuko hapa tangu jana”. Sitaihesabu kuwa kosa sawa na lile la babu, kwa sababu haimdanganyi msikilizaji. Hali anayoambiwa ipo. Katika maandishi napendelea “imekuwa”, maana inaonyesha mwanzo na mwendelezo kwa pamoja. Na mtu akitaka kuitaja siku yenyewe ya tukio, asitumie “ilikuwa” wala “imekuwa”. Atumie kitenzi cha tukio, aseme, “Mwaka 2011 iliorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia.”

Sentensi ya saba, “Leo ngome ni makumbusho”, sikuigusa. Ni wakati huu, ni kweli, na “ni” iko nyumbani kwake.

Imebaki ya mwisho. “Mwaka ujao mimi ni mwongozaji kamili.” Hapa hakuna kalenda ya kutetea “ni”, kwa sababu kinachosemwa si siku bali cheo ambacho bado hakijapatikana, kijana ana mtihani mbele yake. Anapaswa kusema “nitakuwa”. Niwakumbushe tu kwamba umbo hili lina matumizi ya pili yanayowachanganya wageni: tunalitumia kwa kukisia jambo la sasa. Mtu akiuliza Fatuma yuko wapi, tukamjibu “Saa hizi atakuwa Likoni”, hatumaanishi kwamba ataenda Likoni baadaye, bali kwamba kwa kadiri tunavyojua yuko huko sasa. Vivyo hivyo, mlango ukibishwa, “Atakuwa ni yeye” ni dhana. Kwa hiyo ukiwa na hakika ya jambo la sasa, usilipambe kwa “atakuwa”, kwani utaonekana unakisia. Na anayetoa ushahidi mahali popote azipime kauli hizi mbili kwa makini kabla ya kufungua kinywa.

Nimetamka “atakuwa ni yeye”, na najua mwalimu mmoja aliyeketi mbele atanikamata kwa kuziweka “kuwa” na “ni” pamoja. Aliniuliza jambo hilo kabla hatujaanza. Jibu langu ni kwamba “alikuwa ni mtu mwema” na “itakuwa ni vigumu” ni Kiswahili kinachotumiwa na wenyewe, na “ni” ya hapo huongeza mkazo. Haikatazwi. Lakini kazi ya wakati hufanywa na “alikuwa” peke yake, kwa hiyo ninaowafundisha huwataka wajifunze kwanza kusema “alikuwa mtu mwema”, ili wasije wakadhani kwamba “ni” ndiyo inayoibeba sentensi.

Tena kuna jambo la tahajia, na nalisema kwa sababu lilijitokeza katika nakala safi ya kijana na ninaliona kila siku katika maandishi ya simu. Aliandika “mwaka ujao nitakua mwongozaji kamili”, bila “w”. “Nitakua” ni kitenzi kingine kabisa, kitenzi cha kukua, cha mtoto kuongezeka kimo na mnazi kurefuka. Masikioni hukaribiana mno. Nilimpa kipimo ninachowapa wote: ligeuze neno liwe la kutaka. Ukiweza kusema “nataka niwe mwongozaji”, basi ni kuwa, na “w” lazima ionekane: nitakuwa, nilikuwa, nimekuwa. Ukiweza kusema “nataka nikue”, basi ni kukua. Kwa kipimo hicho “mtoto amekua” na “mtoto amekuwa mtundu” hutengana papo hapo, kwani wa kwanza tunataka akue, na wa pili hatutaki awe mtundu.

Wiki iliyopita nilimkuta tena kijana huyo langoni mwa ngome akiwa na wageni wengine. Nilisimama nyuma ya kundi, nikasikiliza. Haya ndiyo aliyoyasema, neno kwa neno, nami niliyaandika palepale:

“Ngome ya Yesu ni jengo la kale. Ni Wareno walioijenga, kati ya 1593 na 1596. Kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza, na vyumba hivi vilikuwa vya wafungwa. Babu yangu alikuwa mlinzi hapa. Aliniambia kuwa wafungwa walikuwa wengi. Leo ngome ni makumbusho, na tangu 2011 imekuwa Urithi wa Dunia. Mimi bado ninajifunza. Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitakuwa mwongozaji kamili.”

Mzee mmoja katika kundi lile alimgusa bega kijana aliposikia habari ya babu, akamwambia, “Mungu amrehemu.”